Lile giza katikati ya episodi sio flashi mbovu

Ukikaa kwenye vibanda vya kuonyesha sizoni pale Mwanga, hapa hapa Kigoma, utaikuta hii sana: muziki unapanda, mtu kageuka kashtuka, skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili hivi afu picha inarudi, na lazima kuna jamaa ataropoka "flashi ina virusi hiyo" au amlaumu mwenye kibanda kwamba kakata. Hajakata mtu. Hapo palikuwa na breki ya matangazo, sizoni ilitengenezwa kwa ajili ya kituo cha tivii huko Marekani, kwenye flashi matangazo yametolewa ila nafasi yake imebaki.

Na dhana za hivyo sio za watazamaji peke yao, hata sisi tunaoandika skripti za tamthilia tunazo kibao.

DHANA: breki anaweka mhariri, mwandishi kazi yake stori tu.

Hii inakuwa kweli kwa muvi ya sinema inayorushwa kwenye tivii, ile haikuandikwa na breki kwa iyo kituo kinakata panapowezekana, ndo maana unakuta mtu kafungua mdomo anataka kujibu afu tangazo la sabuni. Ila episodi ya kituo chenye matangazo, breki ziko ndani ya skripti tokea mwanzo. Mwandishi anaandika kabisa mwisho wa sehemu ya kwanza, anaanza ukurasa mpya, sehemu ya pili. Nafasi ya saa nzima kwenye vituo vikubwa vya Marekani inakuachia kama dakika 42 mpaka 44 za stori, ya nusu saa inakuachia kama 22, zinazobaki ni za wanaolipa. Star Trek ile ya 1966 ilikuwa na kipande cha ufunguzi afu sehemu nne, na miaka ya 2000 vituo vingine vikasogea mpaka sehemu tano na sita maana breki ziliongezeka. Ukiongeza breki moja umemlazimisha mwandishi atafute pindo jingine, yaani mahali pengine stori inapogeuka, hawezi kuchukua sehemu ndefu akaipasua katikati.

DHANA: tiza ni muhtasari wa yaliyopita, au vipande vitamu vya yanayokuja.

Hapana jamani. Yaliyopita ni kitu kingine, kinakaa kabla yake. Tiza ni sini ya kweli ya episodi ya leo inayokuja kabla ya wimbo na majina, dakika moja mpaka nne hivi, na sababu yake ni ya kibiashara kabisa: kipindi kilichotangulia kimeisha, mtu ana rimoti mkononi, ukimwanzishia na wimbo wa dakika nzima kashahama. Kwa iyo unamtupia jambo kwanza, wimbo baadae. Na sio lazima jambo hilo liwe la stori kuu, kwenye vichekesho kama The Office mara nyingi ni kituko kinachojitegemea, hakirudi tena, kazi yake ilikuwa kukukalisha tu.

Sasa hii ya tatu ndo inatuua zaidi. DHANA: kila kabla ya breki lazima mtu apigwe risasi, au mlango ugongwe, au mtu apige yowe.

Ngoja nichukue episodi moja tunayoifanyia mazoezi kwenye kikundi, ya nusu saa, kurasa 22 tukihesabu ukurasa mmoja dakika moja (mazungumzo ya haraka haraka yanakula muda mdogo kuliko hapo, jueni hilo). Tiza kurasa 2, sehemu ya kwanza 7, ya pili 6, ya tatu 6, na kijisini cha mwisho ukurasa 1.

Tiza: mwalo wa Kibirizi alfajiri, usiku haukuwa na mwezi kwa iyo dagaa wamejaa, mtumbwi unaingia, taa zote zipo, kila mtu anashangilia. Mama Shukuru, ambaye ndo kakopesha hela ya mafuta, anahesabu vichwa. Waliondoka sita wamerudi watano. "Jumanne yuko wapi?" Wote wanaangalia dagaa. Wimbo.

Sehemu ya kwanza nahodha anaeleza kwamba Jumanne alisinzia akateleza majini. Kijana wetu mmoja aliimaliza hivi: Mama Shukuru yuko ndani peke yake usiku, anasikia hatua mlangoni, giza, matangazo. Tukirudi, ni mtoto wa jirani kaja kuomba chumvi. Yaani hiyo ni kumdanganya mtu, umemuweka dakika tatu za matangazo afu unamwambia hakukuwa na kitu, na breki inayofuata hakuamini tena hata ukileta simba. Kipimo chake rahisi, futa ile sini ya mwisho kabisa, stori ikiendelea vile vile basi haikuwa breki ilikuwa kelele.

Tukabadilisha. Mama Shukuru, mbele ya nahodha na watu wote, anapiga namba ya Jumanne ili angalau aseme kajaribu, na simu inaita ndani ya begi la nahodha. Hakuna risasi wala yowe, ila swali limegeuka, mwanzo tulikuwa tunauliza kapatwa na nini, sasa tunauliza huyu nahodha kafanya nini. Breki ya pili inageuza tena: kijana wa stesheni ya treni anasema Jumanne alikata tiketi jana asubuhi. Hapo hatuulizi tena nani kamuua, tunauliza kwa nini kakimbia na nahodha anamficha kwa nini, na sehemu ya tatu inajibu hilo la nahodha, la Jumanne tunaliacha liingie episodi ijayo.

Angalieni pia breki ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, sio bahati mbaya hiyo. Na kwenye episodi ya saa nzima ile breki ya karibu na nusu saa ndo inapewa pindo kubwa, kwa sababu dakika hiyo hiyo chaneli zingine zinaanza vipindi vipya.

Kitu ambacho watu hawakigusi kabisa ni sini ya kwanza baada ya breki. Usianze nahodha anajibu pale pale kwenye sekunde ile ile kama hakujatokea kitu, mtu alienda kuepua ugali, mwingine ndo kafungua tivii sasa hivi. Sisi tunaanza na begi liko juu ya meza ya mjumbe, simu pembeni, watu kimya, sekunde kumi umeshamrudisha kila mtu, afu ndo nahodha anaongea.

Wanaosema sehemu zote zilingane urefu, hapana, ya kwanza huwaga ndefu kwa sababu mtazamaji bado hajanasa, unataka umshike kwanza ndo umpeleke kwenye tangazo.

Mwisho kuna wale wa "siku hizi ni kustrimu, hizo breki zimekufa". Novemba 2022 Netflix wenyewe walianzisha kifurushi cha bei ya chini chenye matangazo. Sasa sizoni zilizoandikwa bila breki zikiingia humo inabidi patafutwe pa kukata, na pindo halikuandikwa, wakati zile za zamani za vituo vya tivii tangazo linarudi kukaa pale pale penye lile giza mlilokuwa mnamlaumia mwenye kibanda.