Mwanariadha wa miaka 14: yanayosemwa uwanjani na ukweli wake

"Mtoto wa huku amezoea kukimbia tangu darasa la kwanza, kwa hiyo mwongezee tu kilomita."

Ni kweli amezoea, na hapo hasa ndipo hesabu inapoharibika. Kocha huandika kwenye daftari kilomita za mazoezi peke yake, lakini goti la mtoto linahesabu zote: za mazoezi, za kuwahi shule, na za mpira wa saa nne.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 14, kidato cha pili, anayeishi Uru na kusoma kilomita 3 chini ya kwao, upande wa Moshi mjini. Daftari la kocha lina kilomita 6 Jumanne, 6 Alhamisi, 10 Jumamosi na 8 Jumapili. Jumla ni 30, na kocha anaona hizo ni za kawaida. Lakini kila asubuhi kijana huyu anachelewa kutoka nyumbani, kwa hiyo anateremka mbio hadi shuleni. Kilomita 3 kwa siku tano ni 15 nyingine, na sasa tunazungumzia 45 kwa wiki. Ubaya zaidi, hizo 15 zote ni za mteremko. Mtu anapoteremka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki kila hatua, na breki hiyo inavuta kano inayoshika mfupa wa muundi, chini kidogo ya pia ya goti.

Kwa mtoto anayekua, mahali hapo bado ni gegedu, si mfupa mgumu. Baada ya wiki kadhaa panauma, panavimba, na ukipabonyeza kwa kidole gumba mtoto anaruka.

Dawa yake haianzii uwanjani. Inaanzia nyumbani: aamke mapema dakika 20 na ateremke kwa kutembea. Hapo kilomita 15 zimeondoka bila kugusa mazoezi. Kisha mazoezi yabaki siku tatu. Jumanne akimbie kilomita 4 taratibu, kwa mwendo ambao anaweza kusimulia jambo kwa sentensi kamili, amalizie na mbio fupi sita za mita 80. Alhamisi ni mbio za kupokezana vijiti, kila mtoto akipata mita 200 mara sita, na pamoja na kupasha misuli na kupoa inafika kama kilomita 4. Jumamosi ni nyika, kilomita 6, kwenye udongo na si lami. Jumla yake ni takriban kilomita 15. Maumivu yakiisha, aongezewe kilomita 1 au 2 kwa wiki hadi 20 au 25, asivuke hapo mwaka huu. Siku mbili za wiki zibaki hazina mazoezi ya mchezo wowote.

Kuna kipimo kingine cha haraka kinachosaidia: saa za michezo yote iliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wake. Miaka 14, saa 14, na huo ni ukomo wa juu.

"Maumivu ya kukua hayana tatizo, akaze tu."

Yapo maumivu ya kuvumilika na yapo ya kusimamisha mbio siku hiyo hiyo, na kocha lazima ajue kuyatofautisha. Yale ya chini ya pia ya goti, au ya kisigino yanayojitokeza ukikibana kisigino kwa pande zote mbili, yanatoka kwenye gegedu la ukuaji. Mwambie mtoto ayapime kuanzia 0 hadi 10. Yakiwa hayazidi 3, hachechemei, na kesho yake asubuhi yametulia, anaweza kuendelea na kazi iliyopunguzwa. Akichechemea, amemaliza kwa siku hiyo.

Maumivu ya muundi ni jambo jingine. Mwambie aruke kwa mguu mmoja mara chache. Kama yanachoma sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, huenda mfupa umeanza kupata ufa. Hapo hakuna kukimbia hata hatua moja hadi aonwe na daktari.

Mengi ya haya hutokea mtoto anapopaa kwa urefu, wasichana karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14. Weka alama ya urefu wake kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi mitatu. Akiwa ameongezeka sentimita 2 au zaidi, usimwongezee chochote, hasa miteremko.

"Binti aliyekuwa anashinda akiwa na miaka 12 na sasa hashindi, amekuwa mvivu."

Dhana hii inatuharibia wakimbiaji wengi wa kike kuliko nyingine yoyote. Binti anapovunja ungo mwili wake hubadilika: uzito, nyonga, namna ya kutua mguu. Muda wake unaweza kusimama palepale mwaka mzima au miwili huku akifanya kila kitu sawasawa. Kocha asiyejua hili humwongezea mizunguko, au humwambia apunguze kula. Yote mawili yanaelekea pabaya, kwa sababu mwili usiopata chakula cha kutosha husimamisha hedhi, na mifupa hudhoofika.

Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo, au ikiwa haijaanza kabisa hadi miaka 15, mzazi ampeleke hospitali. Kocha wa kiume apange mapema mwalimu wa kike au mama wa mchezaji atakayekuwa anauliza, maana binti hatamwambia yeye. Chakula ni hiki cha nyumbani: uji wa maziwa kabla ya mazoezi, ndizi, ugali, maharage, dagaa, mboga za majani zilizokamuliwa limau. Chai ya majani isubiri kama saa moja baada ya kula, kwa sababu inazuia madini ya chuma kuingia mwilini.

"Akianza mapema mbio ndefu, atafika mapema."

Alphonce Simbu alishinda dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 akiwa na miaka 33, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Miaka minane kabla, London, alikuwa amechukua shaba. Hata Filbert Bayi, tunayemtaja kama kijana aliyewahi, alikuwa na miaka 20 alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974. Hakuna anachopoteza mtoto wa miaka 14 akikaa kwenye mita 800, 1500 na nyika fupi. Kwenye Marathoni ya Kilimanjaro zipo kilomita 5, na hizo zinamtosha. Nusu marathoni inayopanda kuelekea Mweka na kuteremka tena si ya goti tulilolieleza hapo juu.

"Mazoezi ya kujifurahisha ni ya wasio makini."

Mtoto aliyechoka na mbio haanzi kwa kusema amechoka. Anafika wa mwisho, anauliza mizunguko iliyobaki kabla hajaanza, anapata "homa" kila Alhamisi. Ukiona hivyo kwa wiki mbili, mpumzishe wiki nzima, kisha rudi naye bila saa ya kupimia. Kwa kawaida saa itoke mfukoni siku moja tu kati ya tatu.

Zoezi linalowapendeza wengi ni hili: wakimbie dakika 10 kwenda, upulize filimbi, wageuke na kurudi. Kila mmoja anashindana na muda wake wa kwenda, kwa hiyo wa mbele na wa nyuma wanafika pamoja, na aliyeondoka kwa pupa anajifunza kupanga mwendo bila kufokewa. Likizo ya Desemba na wiki kadhaa baada ya UMISSETA asikimbie kwa ratiba. Acheze mpira, aogelee, achunge ng'ombe wa babu yake.