Maneno yote yapo kwenye slaidi, mbona hawakushika?

"Nimeandika kila kitu kwenye slaidi na nimekisoma chote. Mbona watu hawakushika?"

Wengi hudhani kwamba lililolipita sikio litadakwa na jicho, hivyo maneno yakirudiwa mara mbili yataingia vizuri zaidi. Kwa picha hilo lina ukweli. Maandishi ni habari nyingine, kwa sababu msomaji huyageuza kuwa sauti kichwani, na sauti hiyo hupita njia ileile ya sauti yako. Ni kama wapigadebe wawili pale Kariakoo, mmoja anaita Mbagala na mwingine Gongo la Mboto: masikio unayo mawili, lakini unayemfuata ni mmoja. Tena jicho husoma haraka kuliko mdomo unavyosema. Wewe uko mstari wa pili, wao wameshamaliza wa tano.

Chukua slaidi hii ya mkutano wa mtaa:

"Kutokana na mvua kubwa, Mto Msimbazi hufurika mara kwa mara eneo la Jangwani, hali inayochangiwa na mchanga kujaa mtoni, ujenzi holela kandokando ya mto pamoja na taka ngumu kutupwa kwenye mifereji."

Ukiikata tu, unapata "Mchanga kujaa", "Ujenzi holela", "Watu wanatupa taka". Ni fupi, lakini kila moja ina umbo lake, na msikilizaji analazimika kuiunga upya na kichwa cha habari. Zikipewa umbo moja, kazi hiyo inaisha:

Kwa nini Msimbazi hufurika Jangwani?
- Mchanga hujaza mto
- Nyumba hubana kingo
- Taka huziba mifereji

Kipimo chake ni rahisi. Soma kichwa, kisha kila hoja ukitanguliza "kwa sababu". Inayokwama haijalingana na wenzake.

Sasa mzungumzaji ana la kusema. Mchanga unatoka wapi? Maji huukokota kutoka vilima vya Pugu, na yakifika bondeni Jangwani, penye mteremko mdogo, mwendo hupungua, mchanga unatua na kina cha mto kinapungua. Maelezo hayo yanakaa kwenye karatasi yake. Hoja ya pili isionekane kabla hajamaliza ya kwanza.

Ufupi nao una mipaka. Mwaka 2008 watafiti wa elimu Richard Mayer na Cheryl Johnson waliripoti kwamba maneno mawili matatu kando ya sehemu husika ya mchoro yaliwasaidia wanafunzi kukumbuka, ila hayakuwaongezea uwezo wa kutumia walichojifunza. Ile kanuni kwamba slaidi iwe na mistari isiyozidi sita, kila mmoja maneno yasiyozidi sita, ni desturi tu. Na kama watu wanapaswa kuona maneno yenyewe, mathalani kifungu cha sheria ndogo ya manispaa, kiweke chote, kisha nyamaza mpaka wamalize kusoma.