DisplayPort Alt Mode ni nini, na kwanini simu yako imegoma kutoa picha kwenye projekta

Jumapili moja kabla ya ibada kijana wetu wa kwaya alikuja na adapta mpya ya taipu-C, ina matundu matatu, la HDMI, la USB na la chaji, kainunua elfu 25 na alikuwa na furaha kweli. Akachomeka kwenye simu, kebo ya HDMI ikaenda kwenye projekta, tukageuka wote kuangalia ukutani, bluu tupu imeandikwa "No Signal". Tukabonyeza Source kwenye rimoti tukahakikisha iko HDMI 1, tukabadilisha kebo, akachomoa akapuliza (sijui nani alitufundisha kupuliza), wapi. Cha ajabu simu ilikuwa inachaji kupitia adapta ile ile, na tulipochomeka mausi mshale ukatokea kwenye skrini ya simu kabisa.

Mimi ndo hapo nikajua tatizo. Kama chaji inapita na mausi inafanya kazi ila picha haitoki, mara nyingi adapta ni nzima, simu ndo haina hicho kitu kinaitwa DisplayPort Alt Mode. Tukaomba simu ya mama mmoja, Samsung S9, tukachomeka adapta hiyo hiyo, sekunde chache tu skrini yake ikaja ukutani.

Sasa maana yake ni hii. Taipu-C ni umbo la tundu tu, halikwambii ndani kuna nini, ni kama lile dumu la njano la lita 20, ukiliona limebebwa barabarani huwezi kujua kama ni mafuta ya kula au maji ya kisima mpaka ufungue. Tundu lina pini 24. Baadhi ni za umeme, chache za data ya kawaida kama ya mausi na flashi, halafu kuna zile za kasi kubwa. Simu yenye Alt Mode ikigundua imechomekwa adapta ya picha, inaziazima hizo pini za kasi na kupitishia video, adapta yenyewe kazi yake ni kuigeuza hiyo video iwe HDMI basi. Simu nyingi za bei ya chini na ya kati zina USB 2.0 tu, maana yake hizo njia za kasi hazijaunganishwa huko ndani, kwahiyo hata udaunlodi apu gani au ubadilishe adapta kumi za aina hii, picha haina pa kupita.

Utajuaje kabla hujatoa hela? Ingia GSMArena, tovuti yenye sifa za simu, andika jina kamili la simu yako, shuka mpaka mstari wa USB. Ukikuta "USB Type-C 2.0" peke yake, adapta ya hivyo usinunue. Unachotafuta ni neno DisplayPort limeandikwa hapo. Namba 3.2 peke yake isikudanganye, Pixel 7 ina 3.2 na picha kwa waya haitoi. Samsung za S kuanzia S8 ya 2017 zinatoa, aifoni ni kuanzia 15 ambayo ndo ya kwanza kuja na taipu-C, za nyuma yake zina adapta yao nyingine.

Simu yako haina? Kwa simu nyingi za Android njia ya haraka ni dongo la Miracast, kidude cha kupokea picha ya simu bila waya. Linachomekwa kwenye HDMI ya projekta, mkia wake wa USB unauchomeka kwenye USB ya projekta upate umeme, na ukiona linajizima na kuwaka kila saa ujue USB ya projekta haina nguvu, mkia huo uchomeke kwenye kichwa cha chaji. Kwenye simu tafuta Smart View au Cast, wengine wanaiita Wireless display, chagua jina la dongo. Halihitaji bando wala ruta, simu na dongo vinaongea vyenyewe kwa Wi-Fi. Ila kabla hujarusha zima notifikesheni, sisi meseji ya kukumbushwa deni ilishawahi kutua katikati ya pambio na kanisa zima likaisoma.

Ubaya wa Miracast ni kuchelewa kidogo. Kwa maneno ya nyimbo au slaidi za darasani hutaona shida, ila video ya mtu anayeongea, kama sauti unaitoa kwenye simu kwenda spika kwa waya, midomo itakuwa nyuma ya sauti, inakera. Video kama hiyo mimi naiweka kwenye flashi nachomeka kwenye projekta yenyewe, lakini ijaribu Jumamosi, maana USB za projekta nyingine ni za kutoa umeme tu hazisomi kitu.