Marejesho ya kodi yakikatwa, barua ya pingamizi huenda kwa anayedai

"Ukikatwa marejesho ya kodi Marekani, iandikie ofisi ya kodi, watakurudishia."

Ujumbe huu unaozunguka kwenye magrupu unakosea anwani. Deni likiwa la mkopo wa masomo au matunzo ya mtoto, pingamizi hupelekwa kwa taasisi inayodai, ambayo jina na anwani yake vimo katika notisi ya makato; deni la kodi ya shirikisho pekee ndilo hupingwa kwenye ofisi ya kodi. Watu huchanganyikiwa kwa sababu fedha zilitarajiwa kutoka huko.

Mathalani, aliyetarajia dola 1,400 akapata 500 aeleze kwamba dola 900 zilikatwa kwa deni alilokwisha kulilipa, ataje tarehe ya malipo na namba ya deni, na aambatishe nakala za risiti na notisi. Tafadhali msiendelee kuusambaza ujumbe huo, kwani humpotezea mtu muda wa kupinga, huku barua yake ikiwa mezani kwa asiyehusika.