Kufundisha kando ya kitanda: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Dhana ya kwanza, na ndiyo inayoharibu zaidi, ni hii: mwanafunzi akishamaliza kupresenti mgonjwa, yaani kumsimulia mwalimu kisa chake, zamu inayofuata ni ya mwalimu kueleza. Niliishi na dhana hiyo miaka yangu ya mwanzo wodini. Mwanafunzi akitaja homa na kikohozi, mimi naanza kumwaga nimonia yote, vijidudu vyake, dawa zake na madhara ya dawa hizo. Anaandika, anashukuru, anaondoka. Kesho yake anarudia kosa lilelile, kwa sababu nilimjazia mahali palipokuwa pamejaa na pale penye tundu sikupagusa.

Ukweli ni kwamba mwalimu wa kando ya kitanda ana wagonjwa wawili wa kuwachunguza: aliyelala kitandani, na fikra za mwanafunzi aliyesimama pembeni. Kabla ya kufundisha lolote inabidi ujue mwanafunzi anafikiri nini na kwa nini. Mwaka 1992 walimu wa tiba ya familia wa jimbo la Washington, Marekani, waliandika utaratibu mfupi wa hatua tano wa kazi hii. Mwulize mwanafunzi msimamo wake, mtake ushahidi, mpe kanuni moja, mtajie alichofanya sawasawa, kisha sahihisha alipokosea. Ukiusoma unaonekana mwepesi. Uzito wake unauona siku unapojaribu kunyamaza.

Nieleze kisa kimoja cha wodi ya watoto hapa Tanga. Mtoto wa kiume wa miezi 14, ametoka na mama yake upande wa Pongwe. Siku tatu za homa na kikohozi, na tangu usiku anatapika kila anachopewa, ndiyo maana akalazwa. Mwanafunzi wa utabibu, kijana makini, alipresenti vizuri akamalizia, "Kipimo cha haraka cha malaria kimetoka chanya, mwalimu." Akanitazama. Hapo ndipo mwalimu anaposhawishika kudakia.

Nikamwuliza, "Wewe unafikiri mtoto huyu ana nini?"

"Malaria kali, mwalimu."

Huo ni msimamo, na msimamo hata ukiwa na kasoro una faida, kwani sasa kuna kitu cha kushika. Mwanafunzi akijibu "sijui", usimwache hapo wala usimjibie. Mpunguzie swali: "Ungelazimika kuchagua moja sasa hivi, ungeanza na malaria au kifua?" Wengi huchagua, na wakishachagua wana la kutetea.

Hatua ya pili: "Nini kimekupeleka huko? Na kifua ulikiondoaje?" Akasema kipimo ni chanya na mtoto anatapika kila kitu, dalili ya hatari. Kifua alikiondoa kwa sababu pumzi zilikuwa 36 kwa dakika, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano pumzi za haraka ni kuanzia 40. Kanuni aliijua barabara. Ningemfundisha nimonia siku ile, ningemfundisha anachokijua.

Nikamwuliza swali moja tu zaidi: "Ulizihesabuje?"

"Sekunde 15, mwalimu, nikapata tisa, nikazidisha kwa nne."

Tundu lilikuwa hapo. Mtoto mdogo hapumui kwa mwendo wa saa ya ukutani, mara anaharakisha, mara anapumzika. Ukihesabu robo dakika na ukakosa pumzi moja, ukizidisha umekosa nne. Tukamwomba mama ampakate, tukangoja atulie, tukamfunua kifua na tumbo, kijana akahesabu dakika nzima. Pumzi 46.

Mama naye alikuwa amesikia mazungumzo yote. Akasema, "Lakini dokta, hiyo malaria si alikunywa mseto akamaliza? Wiki ya pili hii." Kwenye faili haikuwepo. Kipimo cha haraka kinatafuta protini ya kimelea, na vipimo vingi tunavyotumia hutafuta protini inayobaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo chanya ya mtoto huyu ingeweza kuwa ya ugonjwa uliopita. Hatukuifuta malaria kwa kukisia: mtoto ana dalili ya hatari, dawa ya malaria iliendelea huku tukiomba damu iangaliwe kwa hadubini, na ampisilini na jentamaisini zikaongezwa kwa ajili ya kifua.

Kanuni niliyompa ilikuwa moja, ya sentensi moja: kipimo chanya cha malaria hakikupi ruhusa ya kuacha kutafuta sababu nyingine ya homa. Nilitamani kuongeza ya pili, kuhusu protini ile na muda wake. Nikaiweka akiba ya mchana. Kando ya kitanda kanuni moja inabebeka, tatu zinaanguka zote.

Kisha nikamtajia alichofanya sawa. Hapa kuna dhana nyingine, kwamba "vizuri sana" inatosha. Mwanafunzi aliyeambiwa "vizuri" hajui arudie nini. Nilimwambia, "Umeitambua dalili ya hatari na ukaitumia kuamua uzito wa ugonjwa, usiiache tabia hiyo." Kosa lake la kuhesabu nilikwisha kulisahihisha kwa vitendo mbele ya mama bila kuliita kosa, na maelezo yenyewe niliyatoa koridoni, sisi wawili. Kumwambia mtu mzima mbele ya mama wa mgonjwa kwamba hesabu yake ya kwanza haikufaa ni kumvunjia heshima yake na imani ya mama kwa pamoja.

Walimu wenzangu husema, "Muda uko wapi?" Raundi ina vitanda 30, muuguzi mmoja, na simu inaita. Nawaelewa. Lakini mazungumzo ninayoyasimulia, ukitoa ile dakika ya kuhesabu, hayakufika dakika tano. Kinachokula muda ni mihadhara yetu. Na si lazima kila kitanda kiwe darasa: asubuhi nachagua wagonjwa wawili, watatu, waliobaki tunawahudumia tu. Wala simchagui mwenye ugonjwa wa ajabu, ingawa wengi huamini somo zuri linahitaji moyo wenye sauti adimu au bandama lililofika kitovuni. Mtoto wa homa na kikohozi ndiye watakayekutana naye kila siku zahanati ya Muheza au Pangani, na ndiye watakayemkosea.

Kuhusu maswali, dhana ni kwamba kadiri mwalimu anavyouliza mengi ndivyo anavyofundisha. Yapo maswali ya kupima kumbukumbu: "Taja sababu saba za upungufu wa damu." Yakifuatana kwa kasi mbele ya wenzake, mwanafunzi anajifunza kuogopa kitanda, na wewe hujagundua jinsi anavyofikiri. Maswali matatu ya kisa changu, unafikiri nini, nini kimekupeleka huko, ulihesabuje, hakuna kitabu chenye majibu yake. Ukishauliza, ngoja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi huko Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu darasani husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kudakia, na wakisubiri tatu au zaidi majibu yanakuwa marefu na yenye hoja. Sekunde tatu kando ya kitanda zinaonekana ndefu mno. Mimi hutazama dripu, nahesabu matone, mdomo umefungwa.

Wanafunzi wakiwa wanne au watano, hatari ni kwamba mmoja anajibu na wengine wanaitikia kama kiitikio cha kaswida. Hilo nimelitibu kwa karatasi. Baada ya kusikia kisa, kila mmoja anaandika mstari mmoja, ugonjwa anaoufikiria na sababu moja, kabla mtu hajafungua kinywa. Kisha naanza na mdogo kuliko wote kimasomo, kwa sababu mkubwa akishasema, mdogo atamheshimu na kufunga karatasi yake. Kila mtu ana kazi pia: mmoja anapresenti, mmoja anahesabu pumzi, mmoja anamwangalia mama uso wake, anaelewa au ameanza kuogopa. Huyu wa mwisho huniletea habari ambazo stethoskopu haileti.

Hapo nafika kwenye dhana ya kwamba mgonjwa anadhalilika akizungumziwa mbele yake, hivyo kisa kisimuliwe ofisini. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 uliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapresentiwa kando ya kitanda na wengine chumbani mbali nao. Wale wa kando ya kitanda waliona madaktari wamewapa muda zaidi, wastani wa dakika 10 dhidi ya 6. Kwetu naliona hilo kwa namna nyingine: mama aliyesikia kisa chake kikisimuliwa vibaya anakirekebisha, kama yule wa Pongwe. Lakini ana haki ya kuombwa kwanza. Mimi hupita mapema peke yangu: "Shikamoo mama, mtoto ameamkaje? Nitakuja na wanafunzi watatu, tutazungumza juu yake hapa. Ukisikia tumekosea tuambie. Na kama hutaki, sema tu, matibabu hayabadiliki." Tukifika, anayepresenti anasimama upande wa kichwa, anatumia Kiswahili, na anamtaja mtoto kwa jina, hasemi "kesi ya kitanda cha tisa".

Yapo yasiyosemwa pale kabisa. Hali ya VVU, saratani tunayoishuku, maneno ya ndoa na ya nani alimleta nani. Vitanda vyetu vimekaribiana, na jirani ana masikio. Hayo ni ya koridoni au ya ofisini. Kadhalika hatua tano si za mtoto anayedegedega: hapo mwalimu anashika kazi, mwanafunzi anashika oksijeni, maswali tunayaacha mpaka mtoto atulie. Wala si za mwanafunzi wa wiki ya kwanza ambaye hajawahi kuona pumzi zikihesabiwa. Huyo mwonyeshe kwanza, kisha mwache afanye, ndipo umwulize.

Damu ya mtoto yule ilirudi haina vimelea, na ikaangaliwa tena kesho yake. Kijana nilimkuta asubuhi hiyo kitanda cha pili, amepiga magoti sakafuni ili macho yake yawe sawa na kifua cha binti wa miezi minane, saa mkononi, midomo ikihesabu. Nilimwamkia hakuitika mpaka dakika ilipokwisha.