PWM: kaunta ya biti 16 haikupi hatua 65,536, na mengine tunayodanganyana

Tuchukue kitu kimoja tukae nacho: feni ya kompyuta ya waya nne, ile yenye waya wake wa kudhibiti spidi, na bodi ya Arduino Uno yenye chipu ya ATmega328P inayotembea kwa klok ya 16 MHz. Feni za aina hii spidi yake inaamuliwa kwa PWM, yaani pini inawashwa na kuzimwa haraka haraka na kadiri inavyokaa juu ndo spidi inavyopanda. Zinataka PWM ya 25 kHz, na spesifikesheni ya Intel inakuruhusu ucheze kati ya 21 na 28. Hapo ndo dhana zote za PWM zinapoumbuka.

Dhana: prosesa ndo inawasha na kuzima pini.

Hapana bana. Kuna kaunta inahesabu kila tiki ya klok, sifuri, moja, mbili, haisimami wala haimsubiri mtu, ikifika mwisho inarudi sifuri yenyewe na kuendelea. Pembeni yake kuna kompareta iliyoshikilia namba yako na kazi yake ni kuuliza swali moja tu, kaunta imefika hapa au bado? Bado, pini inabaki juu, ikishafika pini inashuka, kaunta ikianza upya pini inapanda tena. Ukitaka kuhakikisha, malizia programu yako na `while(1);` uone, prosesa imekwama hapo milele na PWM inatoka kama kawa.

Dhana: Taima 1 ni ya biti 16, kwahiyo nina hatua 65,536 za spidi.

Hii ndo kubwa. Taima 1 ndo kaunta yetu kwenye Uno, na biti 16 ni urefu wa rejista, ni kiasi gani kaunta *inaweza* kuhesabu, ila ukishaweka sharti la frikwensi hesabu inabadilika kabisa. Ukiiacha kaunta ya biti 16 izunguke hadi mwisho kwa 16 MHz, unapata 16,000,000 gawa kwa 65,536, yaani kama 244 Hz. Feni inataka 25,000, sasa hizo hatua 65,536 utazipitisha wapi?

Hesabu inayotakiwa ni hii tu:

```
hatua = f_clk / f_pwm = 16000000 / 25000 = 640
```

Kwahiyo una hatua 640, biti tisa na ushee, basi. Kila mzunguko wa PWM una maikrosekunde 40 na tiki moja ya klok ni nanosekunde 62.5, na huwezi kukata palsi kwa kipimo kidogo zaidi ya tiki moja, sawa na mtu mwenye sarafu za hamsini hamsini tu mfukoni, mia anakulipa na mia na hamsini anakulipa ila themanini hana namna. Kwenye Uno unaiandika hivi, ICR1 ndo inakata kaunta ikifika 639 na OCR1A ndo inashika namba ya kompareta:

```
pinMode(9, OUTPUT);
TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(WGM11);
TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(WGM12) | _BV(CS10);
ICR1  = 639;
OCR1A = 159;   // 160/640 = 25%
```

Mbona 159 na sio 160? Kwasababu kwenye modi hii pini inakaa juu kwa OCR1A jumlisha tiki moja, kaunta inaanzia sifuri na sifuri nayo ni tiki.

Sasa yule anayeamini ana hatua 65,536 anataka nusu, anaandika 32768 kwenye OCR1A. Kaunta inaishia 639 haifiki huko hata siku moja, kompareta inasubiri namba isiyokuja, pini haishuki kabisa na feni inavuma kwa nguvu zote. Mtu anaanza kulaumu feni mbovu. Na kuna anayeseti rejista vizuri halafu chini yake anaita `analogWrite(9, 128)` akitegemea nusu, ile fanksheni inaandika 128 vilevile kwenye OCR1A, anapata 129 juu ya 640 yaani asilimia 20. Akipandisha hadi 254 anafika kama asilimia 40, akiweka 255 feni inaruka ghafla hadi asilimia 100, kwasababu kwa 255 `analogWrite` inaachana na kaunta na kuiweka pini juu moja kwa moja. Ukiona spidi inaruka hivyo mwishoni, usiguse feni, tatizo liko hapo.

Dhana: frikwensi inashushwa kwa priskela.

Priskela inaigawanya klok kabla haijafika kwenye kaunta, kwahiyo frikwensi inashuka kweli, ila angalia unalipa nini. Tuseme unataka 1 kHz kwa ajili ya taa ya LED. Mmoja anaweka priskela 64, kaunta inapata 250 kHz, anakata kwenye 249 na anapata hatua 250. Mwingine anaacha priskela kwenye 1 na kuweka ICR1 iwe 15999, frikwensi ileile 1 kHz lakini hatua 16,000. Chipu ileile, klok ileile, yule wa kwanza kazitupa hatua zake mwenyewe. Na kwenye taa utaliona hili kwa macho kule chini kwenye mwanga hafifu, maana kutoka hatua 1 kwenda 2 mwanga unakuwa mara mbili, taa inapanda kwa kudunda badala ya kupanda taratibu. Priskela itumie pale tu namba inapozidi kaunta, kwa mfano 50 Hz za servo zinataka tiki 320,000 na biti 16 hazitoshi, basi weka 8 upate 40,000.

Dhana: nikiongeza klok, rezolusheni inapanda.

Sio lazima. Kaunta inayojizungukia bila kukatwa ina urefu wake maalum, na ukiipa klok ya haraka inazunguka haraka, basi. Angalia kwenye FPGA, chipu ambayo saketi yake unaiandika mwenyewe, `cnt` na `duty` zote biti 8:

```
always @(posedge clk) cnt <= cnt + 1;
assign pwm = (cnt < duty);
```

Kwa klok ya 50 MHz PWM inatoka kama 195 kHz yenye hatua 256, ukihamia 100 MHz inakuwa kama 390 kHz na hatua ni zilezile 256, hujapata kitu. Klok inakununulia hatua pale tu unapoishikilia frikwensi na kurefusha kaunta. Kwa 50 MHz ukiifanya `cnt` iwe biti 11 unapata 24.4 kHz, ambayo feni yetu inaikubali, na hatua 2,048. Kwa 100 MHz biti 12, 24.4 kHz ileile, hatua 4,096. Yaani kudabo klok nzima kumekuletea biti moja tu, ndo maana kumwambia mtu "ongeza klok" kirahisi rahisi sio ushauri.

Dhana: sifuri ni sifuri na namba ya juu ni asilimia 100.

Inategemea kompareta imeandikwaje. Kwenye Uno kwa modi ile ya juu, OCR1A ikiwa 0 bado inatoka palsi ya tiki moja kila mzunguko, kwenye osiloskopu unaona kijisindano cha nanosekunde 62.5, na 639 ndo inakupa juu muda wote. Kuizima kweli inabidi uitoe COM1A1, ile biti inayoiunganisha pini na kompareta, na kuweka pini chini. Kwenye ule mstari wa `cnt < duty` ni kinyume, sifuri inazima safi kabisa ila 255 inakupa 255 juu ya 256, kuna tiki moja pini inashuka kila mzunguko, na ukiitaka juu moja kwa moja lazima `duty` iwe na biti moja zaidi ya `cnt` ili uweze kuandika 256.