Ndizi ya Atieno, iliyoanza kama pera

Mwanzoni Atieno wa hadithi yangu alikuwa na pera. Niliandika kiitikio, "Pera langu, langu, langu!", nikakipeleka kwa darasa langu la chekechea hapa Kisumu. Watoto wakanijibu kwa kishindo: "Pera yangu, yangu, yangu!" Nikawarekebisha, tukarudia. Nilipowarekebisha tena, sauti zikafifia.

Kosa lilikuwa langu. Wengi wao huongea Kijaluo nyumbani, na Kiswahili wanachosikia mtaani hufanya karibu kila kitu kuwa "yangu". Ngeli zina saa yake. Nikabadilisha tunda badala ya kubadilisha watoto: ndizi hukubali "yangu" bila kuvunja sarufi, mradi iwe moja tu.

Hii hapa:

Atieno alikuwa na ndizi moja, ndefu, ya manjano.
Otieno akaja. "Atieno, nigawie."
Atieno akaificha mgongoni. "Ndizi yangu, yangu, yangu!"
Wafula akaja. "Atieno, nigawie."
Atieno akaikumbatia. "Ndizi yangu, yangu, yangu!"
Otieno na Wafula wakaenda kuzungusha kamba. Pa! Pa! Pa! Lakini hapakuwa na wa kuruka.
Atieno akataka kuruka. Hop! Ndizi ikataka kuanguka. Akaketi.
Kamba ikalia pa, pa, pa.
"Ndizi yangu... yangu..."
Atieno akaimenya. Akaikata vipande vitatu. "Otieno, shika. Wafula, shika."
Wakala, wakaruka, wakaimba: "Ndizi yetu, yetu, yetu!"

Kila neno la kiitikio lina silabi mbili, na mkazo uko kwenye ya kwanza, kwa hivyo piga kofi moja kwa kila neno. Makofi manne, basi. Ila makofi huwafanya watoto wakimbie, na wakikimbia, mwisho wa hadithi watapaza "yangu" kwa mazoea. Pale kwenye "yetu" mimi huweka mikono chini na kulisema polepole, wakitazama mdomo wangu.

Pahali pa kuchunga zaidi ni Atieno anapoketi. Soma "Ndizi yangu... yangu..." kisha unyamaze. Usiwaangalie kama unayesubiri jibu. Neno "yangu" la tatu watalimalizia wenyewe, na ukisikia wamelisema kwa sauti ndogo, ujue wameshaona kwamba Atieno amechoka nalo.

Katika nakala ya kwanza palikuwa na nyanya yake, aliyetokea akasema watoto wazuri hugawana. Nilipouliza darasa Atieno alifanya nini, walinikariria maneno ya nyanya. Hakuna aliyetaja kamba. Nikamtoa nyanya.

Kitu kimoja nimekiacha wazi makusudi. Ndizi ikikatwa vipande vitatu, kipande cha kati huwa kinene kuliko vya pembeni, na hadithi haisemi kilikwenda kwa nani. Hakukosi mtoto wa kuuliza. Namrudishia swali, nao hubishana mpaka uji uletwe.